Malori Manne Yatatosha

Mapenzi Mramba aliacha kupita mbele ya kibanda cha chakula cha mama aitwaye Dhahabu. Kutoka chumba alichopanga Magongo mpaka kazini kwake, njia fupi ilipita pale pale, mbele ya meza ya mahamri na sufuria ya mbaazi. Sasa alizunguka nyuma ya kanisa, akaruka mtaro wa maji machafu huku ameshika sketi kwa mkono mmoja, akaingia kazini kwa lango la nyuma. Walinzi walishangaa, lakini hawakuuliza. Pengine hawakuwa na haja ya kuuliza, maana harufu ilikuwa inajieleza yenyewe.

Kazi yake ilikuwa taka. Kampuni ilipata kandarasi ya kuzoa taka za mitaa ya Changamwe. Mikokoteni na pikapu zilikusanya majumbani na sokoni, zikamwaga kwenye uwanja mmoja uliozungushiwa mabati hapo Magongo. Kutoka hapo malori makubwa yalitakiwa kuzibeba mpaka jaa la Mwakirunge, ng'ambo ya Kisauni, kisha yarudi yabebe tena, kutwa nzima, njia ile ile. Mapenzi ndiye aliyekuwa msimamizi wa malori hayo.

Cheo hicho hakukipata kwa bahati. Alizaliwa Kaloleni, akaja Magongo akiwa msichana, akakaa kwa shangazi yake, akaajiriwa kulinda lango kwenye yadi ya malori. Pale langoni alijifunza kila kitu kwa macho: lori gani linavuja mafuta, dereva gani ana mdomo mkali, mzigo gani umefungwa vibaya. Alipanda polepole. Alipotimiza miaka thelathini na minane alikuwa na meza, simu ya kazi na fulana yenye nembo, na nyumbani Kaloleni walimwita Mapenzi wa Magari.

Siku ile mwenye kampuni, Bwana Bonface, alipomuuliza kazi ile itahitaji malori mangapi, Mapenzi hakubabaika.

Jumapili baada ya ibada alichukua pikapu ya kampuni, akaendesha mwenyewe mpaka Mwakirunge na kurudi. Barabara ilikuwa tupu. Alipita Makupa bila kukanyaga breki, akavuka Daraja la Nyali, akaishika barabara ya Bamburi, akakata kuelekea bara. Kwenda dakika arobaini na tano, kurudi vivyo hivyo. Akajumlisha nusu saa ya kupakia na kumwaga. Saa mbili kamili.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Kampuni ilikuwa imepima zile pikapu na mikokoteni wiki nzima, na ikajua kwamba uwanja hupokea tani mia moja na sitini kwa siku. Lori lilikuwa limeandikwa ubavuni tani kumi, basi zilitakiwa tripu kumi na sita. Jaa hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, ambazo ni saa kumi za kazi. Ikiwa mzunguko mmoja ni saa mbili, kila lori litapiga tripu tano. Kumi na sita ukigawa kwa tano ni tatu na kidogo, na kwa kuwa hakuna kipande cha lori, akasema manne.

"Manne yatatosha, na nafasi itabaki," alimwambia Bonface.

Bonface, mtu wa Machakos aliyependa majibu mafupi, aliitikia kwa kichwa, amefurahi. Alikuwa ameogopa kusikia kumi.

Lakini Mapenzi hakuishia ofisini. Majirani wa uwanja ule waliitisha mkutano kwenye ua wa kanisa, wakiwa na wasiwasi wa kuletewa taka mlangoni. Bonface alimtuma Mapenzi akaongee nao, kwa kuwa ni mwenzao, anasali hapo hapo, na Kiswahili chake ni cha Pwani. Alisimama mbele ya viti vya plastiki akiwa amevaa ile fulana, akawaeleza habari za malori manne kwa sauti ya mtu anayejua.

Dhahabu aliinuka. Alikuwa mama wa makamo, mwenye kanga iliyofungwa imara kifuani, na kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka lango la uwanja.

"Mwanangu, mimi nauza chakula. Nataka kujua neno moja tu. Jioni hizo taka zitakuwa zimeondoka, ama zitalala hapa na sisi?"

"Mama, jua halitatua na taka pale," Mapenzi alisema. "Nakuahidi mimi mwenyewe. Kukiwa na shida, njoo uniulize mimi."

Watu walipiga makofi. Dhahabu naye alipiga, kisha akageuka akawaambia waliokaa nyuma yake, "Huyu ni wetu. Hatatutupa."

Taka zililala siku ya kwanza.

Hazikuwa nyingi sana kwa macho, lundo kama la paa la nyumba ndogo kwenye kona ya mbali. Mapenzi alijiambia ni kazi mpya, watu hawajazoea. Siku ya pili lundo lilishikana na la jana. Mwisho wa wiki ya kwanza lilikuwa limeupita urefu wa mabati, na mtu akisimama barabarani aliliona. Nzi walikuja. Mvua ikanyesha, na maji meusi yakapenya chini ya mabati, yakatambaa mpaka kwenye miguu ya benchi la wateja wa Dhahabu.

Kila lori lilikuwa likipiga tripu tatu. Halikupiga tano hata siku moja, wala nne.

Bonface alimwita. "Kuna nini huko?"

Mapenzi alikuwa na jibu tayari, na lilimtoka haraka kuliko alivyokusudia. "Ni madereva, bosi. Wanalala njiani. Mimi mwenyewe nimeendesha ile njia, naijua."

"Wote?"

Hapo angeweza kunyamaza. Badala yake alitaja jina. "Phineas ndiye mkubwa wao. Akitembea polepole, wote wanamfuata."

Phineas alikuwa mtu wa Bungoma, dereva wa miaka mingi, mpole, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa lao. Bonface alimwita asubuhi iliyofuata mbele ya wenzake wote, akamuuliza tripu nyingine mbili zinaishia wapi. Phineas alieleza kwamba kuna foleni. Bonface akasema msimamizi ameipima njia hiyo kwa mkono wake. Phineas alimtazama Mapenzi, akingoja aseme neno. Mapenzi alikuwa ameinama, anatafuta kitu kwenye simu yake ambacho hakikuwepo. Phineas alichomoa ufunguo wa lori kwenye mkufu wake, akauweka juu ya boneti, akaenda zake nyumbani. Aliambiwa asubiri kuitwa.

Lori lake akapewa Felix, kijana wa Kisauni mwenye haraka na kazi. Mapenzi alimngojea Felix alete tripu tano. Felix alileta tatu.

Ndipo Mapenzi alipopanda lori. Alipanda akiwa na hasira, kwa nia ya kumshika mtu kosa. Felix alifurahi kupata mwenzake wa safari, akamfutia kiti kwa kitambaa.

Kwanza walingoja. Shoveli, lile tingatinga la kupakia, lilikuwa moja tu, na kabla ya kuwapakia lililazimika kusukuma lundo lililokuwa limeporomoka. Kisha likapakia, kijiko baada ya kijiko, mafuu ya madafu, magunia, majani ya mgomba, chupa za plastiki. Kisha turnboi, msaidizi wa dereva, akapanda juu kufunga wavu, maana bila wavu polisi hawakupitishi. Dakika arobaini zilikwisha lori likiwa bado ndani ya uwanja. Mapenzi alitazama saa, akatazama tena.

Barabarani, lori lenye mzigo halikwenda kama pikapu ya Jumapili. Magongo penyewe palijaa matrela ya bandarini. Makupa walisimama. Kwenye Daraja la Nyali walitambaa. Baada ya Bamburi, barabara ya kuelekea Mwakirunge ilikuwa na mashimo yaliyojaa maji, na Felix aliyashuka moja moja kwa upole, kwa kuwa springi ya gurudumu ikivunjika hapo siku imekwisha. Saa moja na dakika tano. Huko jaani kulikuwa na foleni ya mizani, na baada ya mizani kulikuwa na tope, na lori la mbele yao lilikwama mpaka likavutwa. Dakika arobaini nyingine. Kurudi bila mzigo kulikuwa kwepesi kidogo, lakini foleni ya darajani haiulizi kama umebeba au hukubeba. Dakika hamsini na tano.

Mapenzi hakuhitaji karatasi. Arobaini, sitini na tano, arobaini, hamsini na tano. Saa tatu na dakika ishirini. Katika saa kumi za kazi, hiyo ni mizunguko mitatu, basi. Phineas alikuwa akipiga tripu zote ambazo mwanadamu angeweza kupiga.

Na hayo hayakuwa yote. Pale kwenye mizani, mpimaji alitangaza uzito wa mzigo wao: tani nane na kitu.

"Mbona hukujaza?" Mapenzi alimuuliza Felix.

"Limejaa, dada. Tazama nyuma, wavu umefura. Madafu na plastiki hayana uzito. Limejaa kabla ya kuwa zito."

Felix alisema hayo huku akitafuna muwa, bila kujua alichokisema. Mapenzi aligeuka akautazama wavu. Alikaa langoni kwa miaka akiona malori ya saruji yakipita yamezama kwenye matairi na malori ya maboksi yakipita yamefura na mepesi. Hilo alilijua. Alilijua tangu zamani, na siku ya kuhesabu alisoma maandishi ya ubavuni kama mgeni.

Malori manne, tripu tatu, tani nane. Tisini na sita. Kila siku tani sitini na nne zilikuwa zikibaki, si kwa uvivu wa mtu, bali kwa sababu yeye aliipima njia siku ambayo watu wako kanisani.

Njia nzima ya kurudi aliegemea mlango. Felix alidhani amelevywa na mtikisiko, akampa maji.

Mtu angetarajia kwamba alishuka kwenye lori akaenda moja kwa moja kwa Bonface. Hakwenda. Kila alipoukaribia mlango wa ofisi aliona uso wa Phineas siku ile ya boneti, na miguu ilimgeuza. Badala yake alimwagiza mwendesha shoveli ajaze mpaka juu ya kingo, na wavu ufungwe kwa kubana. Alitaka ile tani kumi iwe kweli kwa nguvu. Asubuhi iliyofuata wavu wa Felix ulipasuka kwenye kona ya barabara ya Airport, na taka zikamwagika katikati ya njia, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakivuka. Walikimbia wameziba pua, wakicheka. Mapenzi alikwenda na ufagio pamoja na wazoaji. Alifagia ameinamisha kichwa, na fulana yenye nembo aliigeuza ndani nje.

Alipokuwa akifagia, alivikuta viatu vya raba mbele yake. Aliinua macho. Ni Dhahabu, na meza yake ya mahamri imefungwa kamba kwenye mkokoteni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Dhahabu hakupandisha sauti. "Nahama. Nimepata pahali kule juu, karibu na stendi. Si pazuri, lakini pana hewa."

"Mama, mimi..."

"Nilikuja lango la mbele mara tatu nikakuulizia. Ulisema nije nikuulize wewe. Wakaniambia umeingia kwa nyuma." Alipangusa jasho kwa pindo la kanga. "Hilo la taka lingenipita, mwanangu. Taka ni taka. Lakini mimi niliwaambia watu wewe ni wetu. Sasa wananicheka mimi."

Akamwashiria mwenye mkokoteni waendelee. Mapenzi alibaki na ufagio. Alitamani mama yule angemtukana.

Saa sita mchana alikuwa mbele ya Bonface. Hakuketi.

"Hesabu ilikuwa mbaya," alisema. "Si madereva. Ni mimi."

Akamweleza yote: pikapu ya Jumapili, nusu saa aliyoibuni kichwani, uzito aliousoma ubavuni mwa lori. Bonface alisikiliza akiwa ameacha kalamu hewani.

"Basi yanatakiwa mangapi?"

"Tani mia moja na sitini ukigawa kwa nane ni tripu ishirini. Kila lori tripu tatu. Yanatakiwa saba. Na la nane liwepo, maana moja litaharibika siku yoyote, na siku ambayo halijaharibika litapunguza lile lundo la zamani."

"Saba." Bonface alicheka kicheko kikavu. "Mimi nimewaambia watu wa kandarasi manne. Basi nitafute kumi na mawili tuimalize aibu hii haraka!"

"Hapana, bosi." Alinyoosha kidole kuelekea uwanjani. "Shoveli ni moja, na kila lori linachukua dakika ishirini chini yake. Mzunguko ni dakika mia mbili. Yakizidi kumi, la kumi na moja litakuwa linasimama foleni tu. Hatutabeba zaidi, tutachoma mafuta."

Bonface aliweka kalamu mezani. "Hiyo hesabu unaijua vizuri hivyo, na ile ya kwanza uliifanyaje?"

 Mapenzi alikuwa amejiuliza swali hilo hilo tangu Mwakirunge, na jibu pekee alilolipata lilikuwa kwamba alipenda kuonekana anajua.

"Na Phineas?" Bonface akauliza.

"Hakuwa na kosa."

"Nilimsimamisha kwa neno lako. Mimi sitamrudisha kwa simu. Nenda wewe."

Phineas alikaa Migadini, chumba cha pili kwenye ua wenye bomba moja. Mkewe Agneta alikuwa anafua. Alimjua Mapenzi vizuri. Walikuwa wakikaa benchi moja kanisani. Alimpa kiti, kwa sababu mgeni hupewa kiti, kisha akaendelea kufua.

Phineas alitoka ndani. Mapenzi alisema aliyokuja kusema: kwamba alimsingizia, kwamba njia aliipima vibaya, kwamba anaomba msamaha na arudi kazini. Aliyasema harakaharaka macho yakiwa kwenye beseni.

Phineas alikuwa karibu kujibu, lakini Agneta alimtangulia.

"Dada Mapenzi, mume wangu aliitwa mwizi wa saa za kazi mbele ya watu, au ilikuwa uani kwangu?"

"Ilikuwa mbele ya watu."

"Basi huku uani hatuna la kusikia."

Hakusema kwa ukali. Alikamua shati, akalianika kambani, na kikao kikawa kimekwisha.

Kesho yake asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, Mapenzi aliwakusanya madereva, maturnboi, mwendesha shoveli na walinzi. Phineas alikuwa amekuja, amesimama nyuma kabisa, mikono mfukoni. Mapenzi alikuwa amepanga maneno usiku kucha na yote yalimpotea. Alichobaki nacho ni kile chenyewe.

"Nilimwambia bosi kwamba mnalala njiani. Ni uongo. Nilikuwa sijapanda lori lenu hata siku moja. Phineas alipoulizwa mbele yenu, nilijua angalau kwamba sijui, na nikanyamaza."

Mtu mmoja aliguna. Mwingine, wa upande wa maturnboi, alicheka kidogo akanyamazishwa. Mapenzi alibaki amesimama mbele yao.

"Nimesikia," Phineas akasema mwishowe. "Ufunguo uko wapi?"

Felix alimrudishia.

Malori mengine manne yalipatikana kwa kukodi, moja moja. Yalipotimia yote manane, lundo likaanza kushuka: kwanza likawa sawa na mabati, kisha chini yake, hadi siku moja jioni mwendesha shoveli akapiga honi akiwa peke yake katikati ya sakafu tupu ya saruji. Walinzi walishangilia. Mapenzi aliisikia honi ile akiwa ofisini, na hakutoka nje. Dhahabu hakurudi. Kibanda chake kikachukuliwa na fundi wa viatu, naye Mapenzi alipokutana na mama yule stendi alimwamkia, akaitikiwa, na salamu zikaishia hapo.

Miezi michache baadaye Bonface alipata kazi nyingine: kubeba udongo wa kujazia kiwanja, kutoka machimbo ya upande wa Likoni mpaka Changamwe, kwa barabara mpya ya Dongo Kundu. Alimuuliza Mapenzi malori mangapi, akiwa na wengine mezani, na wote wakamgeukia. Damu ilimpanda usoni mbele yao.

"Sijui," alisema. "Nipeni nipande lori kwanza. Lenye mzigo, siku ya kazi, asubuhi na alasiri. Na nisimame kwenye mizani."

Aliyepangwa kumpeleka alikuwa Phineas. Walitoka asubuhi, wakapanda njia ya juu, upepo wa bahari ukiingia madirishani. Mapenzi alihesabu dakika kimyakimya. Mara mbili alifungua mdomo kuomba msamaha tena, na mara mbili akaufunga, kwa kuwa alikwisha kuomba na mwenzake alikwisha kusikia. Walipofika machimbo, kulikuwa na malori matano mbele yao.

"Tutakaa hapa sana," Phineas akasema. Akazima injini, akawasha redio kwa sauti ndogo, akaegemeza kichwa dirishani akafumba macho.

Mapenzi alitazama saa, akaacha foleni isogee kwa mwendo wake.